Mikopo ya Urithi: Tathmini Niliyojua Mapema Kuwa Haitakuwa ya Haki

Mwezi Oktoba 2024, miezi miwili kabla ya tathmini ya mwaka, nilikwisha kujua kwamba nitapewa alama mbaya, na sababu yake niliijua. Nilikuwa afisa mikopo katika tawi la taasisi moja ya mikopo midogo mjini Morogoro. Mwishoni mwa Septemba nilikataa kusaini fomu ya mkopo wa nyongeza wa mteja aliyekuwa amechelewesha marejesho kwa siku 52. Meneja wa tawi alitaka mteja huyo apewe mkopo mpya, sehemu ya fedha hizo ifunike deni la zamani, na ripoti ya robo mwaka ionekane safi. Mteja mwenyewe alikuwa ameshafunga kibanda chake cha nguo. Nilimwambia meneja, kwa heshima na ndani ya ofisi yake, kwamba siwezi kuandika kuwa nimeitembelea biashara ambayo haipo. Hakunijibu. Tangu siku hiyo "shikamoo bosi" yangu iliitikiwa huku macho yake yakiwa kwenye simu, na katika vikao vya Jumatatu akaanza kulitaja eneo langu kila alipozungumzia mikopo chechefu.

Alikuwa na mahali pazuri pa kunipigia. Katika fomu yetu ya tathmini, kigezo chenye uzito mkubwa kuliko vyote, asilimia 40, kilikuwa ubora wa mikopo, na ubora huo ulipimwa kwa tarakimu moja inayoonekana kwenye mfumo katika safu iliyoandikwa PAR 30. Hesabu yake ni rahisi: chukua salio lote la mikopo ambayo rejesho lake limechelewa zaidi ya siku 30, uligawe kwa salio la mikopo yote iliyo mikononi mwa afisa. Si rejesho lililochelewa peke yake linalohesabiwa, bali deni zima lililobaki la mteja huyo. Lengo letu lilikuwa kutovuka asilimia 5. Mwishoni mwa Novemba mimi nilikuwa na asilimia 7.

Asilimia 7 hiyo ilikuwa ya kweli, na mtu asiyejua historia ya eneo lile angeona kwamba nimeshindwa kazi. Jambo ambalo tarakimu haikulisema ni kwamba nilipolipokea eneo hilo tarehe 1 Februari, kutoka kwa mwenzangu aliyeacha kazi, lilikuwa na asilimia 12. Nilipokea salio la Sh milioni 280, na kati ya hizo Sh milioni 33.6 zilikuwa zimechelewa zaidi ya siku 30. Baadhi ya wateja hao nilikuja kuwatafuta hadi vijiji vya Mvomero nikaambiwa wamehama zamani.

Hapa nilikuwa na kosa langu mwenyewe, na lilinigharimu wiki mbili za usumbufu. Siku ya makabidhiano nilisaini karatasi moja iliyosema kwamba nimepokea "wateja 214 na majalada yao", basi. Haikuwa na orodha ya mikopo iliyochelewa wala salio lake. Nilikuwa na haraka ya kuanza kazi, tena niliona aibu kumwambia mtu anayeondoka kwamba sitasaini mpaka tuhesabu. Kwa hiyo Oktoba, nilipotaka kuonyesha nilichokikuta, karatasi niliyokuwa nayo haikunisaidia chochote. Kilichoniokoa ni ripoti ya umri wa madeni ya tarehe 31 Januari, inayoonyesha kila mkopo umechelewa siku ngapi, ambayo mfumo huifunga kila mwisho wa mwezi na haibadiliki tena. Niliitoa kwenye mfumo, na Novemba ilipofungwa nikatoa na ile ya tarehe 30, nikaanza kuzilinganisha mkopo mmoja mmoja kwa namba.

Sikuondoka na ripoti hizo ofisini. Nalisema hili kwa sababu mtu anayehisi kuonewa hukimbilia kujitumia kila kitu kwenye barua pepe yake binafsi, na mwenzetu wa tawi jingine alikuwa ameitwa kwenye kamati ya nidhamu kwa kosa hilo hilo. Orodha ya wateja yenye majina, simu na madeni yao ni taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehe mtu kwa kuwa bosi wake ni mkorofi. Katika daftari langu niliandika jumla peke yake, jina la ripoti, tarehe yake, na namba za mikopo bila majina. Yeyote aliyetaka kuhakiki angeweza kuifungua ripoti ile ile mwenyewe, na kwangu hilo lilikuwa bora kuliko nakala yoyote.

Matokeo ya hesabu yalikuwa haya. Mwishoni mwa Novemba nilikuwa na salio la jumla ya Sh milioni 320, na zilizochelewa zilikuwa Sh milioni 22.4. Katika hizo, Sh milioni 17.6 zilitokana na mikopo niliyoirithi, na Sh milioni 4.8 tu ndizo zilizotokana na mikopo niliyoitathmini na kuitoa mimi. Mikopo niliyoitoa mwenyewe ilikuwa na salio la Sh milioni 290, kwa hiyo uchelevu wake haukufika asilimia 2.

Nilifurahi mno usiku ule, na furaha hiyo ilikaribia kuniharibia. Niliandika rasimu iliyodai kwamba nimepunguza deni bovu la urithi kutoka Sh milioni 33.6 hadi 17.6, yaani nimekusanya Sh milioni 16. Kabla ya kuituma nilimwonyesha mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ukaguzi wa ndani, ambaye sasa ni mstaafu. Aliisoma kimya, akaniuliza, "Mdogo wangu, kati ya hizi, ngapi zimefutwa vitabuni?" Sikuwa nimeliwaza hilo. Mkopo uliokaa muda mrefu bila kulipwa hufutwa na makao makuu. Ukishafutwa, unatoka kwenye ripoti kama vile umelipwa, ingawa hakuna shilingi iliyoingia. Niliporudi kuangalia, Sh milioni 6 zilikuwa zimefutwa mwezi Juni. Nilichokusanya kwa miguu yangu kilikuwa Sh milioni 10. Kama ningeingia kwenye kikao na zile 16, meneja angeuliza swali hilo hilo, na kuanzia hapo hakuna tarakimu yangu nyingine ambayo ingeaminiwa.

Mama huyo aliniuliza na swali la pili, ambalo hadi leo naliona ndilo lililokuwa zito zaidi. Alisema mikopo mipya siku zote huonekana mizuri, kwa sababu haijapata muda wa kuharibika. Afisa anayekopesha sana mwezi Oktoba na Novemba anaongeza salio la kugawia, na asilimia yake ya uchelevu inashuka bila yeye kukusanya chochote. "Wakikuambia kwamba asilimia 2 yako ni ujana wa mikopo tu, utajibu nini?" Nilirudi tena kwenye ripoti na kuitenga mikopo niliyoitoa kati ya Februari na Mei, ambayo mwishoni mwa Novemba ilikuwa na umri wa miezi sita au zaidi. Nilikuwa nimekopesha Sh milioni 150 katika miezi hiyo minne, na salio la iliyochelewa lilikuwa Sh milioni 3. Hiyo ni asilimia 2 ya fedha zilizotolewa. Njia hii haifanani na kipimo cha mfumo, kwa kuwa nimegawa kwa kiasi kilichotolewa badala ya salio lililobaki, na niliandika hivyo wazi chini ya jedwali ili nisishikwe kwa hilo.

Baada ya hapo nilikaa na vigezo vingine vitatu, na huko habari hazikuwa nzuri hivyo. Wateja wapya, wenye uzito wa asilimia 30, nilikuwa nimepata 97 dhidi ya lengo la 120. Taarifa za wiki, ambazo hutakiwa kila Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, zilikuwa na uzito wa asilimia 10, na nilipopitia barua pepe zangu nilikuta kwamba kati ya taarifa 40 nilizotuma, 9 zilichelewa. Kigezo cha mwisho kilikuwa mwenendo na ushirikiano kazini, asilimia 20, na hicho hakina tarakimu. Kiko mkononi mwa meneja.

Nilijaribiwa kuyaeleza na haya kwa visingizio. Taarifa zilichelewa kwa sababu ya mtandao, wateja wapya walipungua kwa sababu nilitumia muda mwingi kufuatilia madeni ya urithi, na kadhalika. La pili lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nilijua kwamba fomu iliyojaa pingamizi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho husomwa na Rasilimali Watu kama malalamiko ya mtu asiyekosolewa. Katika sehemu ya kujitathmini nikaandika kwamba taarifa 9 kati ya 40 zilichelewa na nikajipa alama 2 kati ya 5. Kwenye wateja wapya nikajipa 3. Kwenye ubora wa mikopo sikujipa 4, ingawa moyo ulitaka. Nilijipa 3, nikaandika sentensi nne tu: eneo lilipokelewa likiwa na asilimia 12, sasa lina asilimia 7, uchelevu wa mikopo niliyoitoa hauzidi asilimia 2, na lengo la asilimia 5 kwa jumla halijafikiwa. Kwenye mwenendo nikajipa 3 na kutaja mambo mawili yenye tarehe, likiwamo la kumfundisha afisa mpya kwa wiki tatu mwezi Agosti.

Kuhusu ule mkopo niliokataa kuusaini, niliamua nisiutaje kwanza. Niliandika tu katika daftari langu tarehe, saa, nani alikuwepo na maneno yaliyosemwa, nikayaweka. Niliona kwamba nikiuanzisha mimi, kikao kizima kitageuka kuwa kesi ya meneja, na tathmini yangu itapotea humo ndani.

Kikao kilifanyika tarehe 12 Desemba na kilichukua kama dakika 40. Meneja alikuwa ameshajaza alama zake. Ubora wa mikopo alinipa 1, wateja wapya 3, taarifa 2, mwenendo 2. Ukizidisha kila alama kwa uzito wake unapata 1.9. Tarakimu hiyo haikutokea kwa bahati, kwa sababu kwetu aliyepata chini ya 2 huingizwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji wa siku 90, na asipofaulu mkataba wake huangaliwa upya. Bonasi huanzia alama 3.

Nilimwomba anieleze alama ya 1 imetokana na nini. Alisema lengo ni asilimia 5, mimi nina 7, mfumo hausemi uongo. Nilimkabidhi ukurasa wangu mmoja wenye jedwali dogo. Aliutazama kwa muda mfupi na kusema, kama yule mama alivyotabiri, kwamba mikopo mipya haihesabiki. Nilimwonyesha mstari wa Februari hadi Mei. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba afisa akipokea eneo amepokea na matatizo yake. Hoja hiyo si ya kijinga, na sikuipinga. Nilisema tu kwamba ndiyo maana sikujipa 4, na nikauliza kama afisa aliyeshusha uchelevu kutoka 12 hadi 7 anastahili alama ile ile ambayo angepewa aliyeupandisha kutoka 2 hadi 7. Hakujibu, akahamia kwenye mwenendo.

Hapo alisema, "Dada, wewe huna moyo wa timu." Nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo, kwa kweli, nisijibu "si kweli". Nilimwomba anitajie tukio na tarehe ili niliandike na kujirekebisha. Alizunguka, akataja vikao nilivyochelewa bila kusema vipi, na mwisho akasema, "Kuna mambo ya tawi ambayo ulikataa kusaidia." Niliuliza kama anamaanisha fomu ya mwezi Septemba. Akasema tuendelee. Sikulazimisha, ila neno hilo lilikuwa limetoka kinywani mwake, na nilipoondoka nilikaa kwenye ngazi nikaliandika kama lilivyosemwa kabla halijapinda kichwani mwangu. Sikurekodi kwa simu. Kurekodi kwa siri kungeniletea kosa jipya la kujibu, na mimi tayari nilikuwa na moja nisilostahili.

Jambo la kusaini fomu huwachanganya wengi. Wenzangu wawili walikuwa wamenishauri nikatae. Nilijua mwisho wa njia hiyo: meneja huandika "mtumishi amekataa kusaini", humwita shahidi mmoja, fomu huendelea na safari yake bila neno lako ndani, na unaongezewa sifa ya ukaidi. Nilisaini, na juu ya sahihi yangu niliandika kwa mkono: "Nimeisoma. Sikubaliani na alama za kipengele cha 1 na cha 4. Maelezo yangu ya maandishi yatafuata." Nikaandika tarehe na kuomba nakala pale pale. Alisita, akanipa.

Sera yetu ya ndani iliruhusu pingamizi ndani ya siku 5 za kazi. Sikuandika siku ile wala siku iliyofuata. Rasimu ya kwanza, niliyoiandika usiku wa Jumamosi, ilikuwa na kurasa nne na maneno "chuki" na "kunikomoa" yalijitokeza mara sita, niliifuta yote. Iliyokwenda ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, imeelekezwa kwa Rasilimali Watu na nakala kwa meneja, ili asije akasema amezungukwa. Ilianza kwa kukubali alama za vipengele viwili, wateja wapya na taarifa. Kisha ikatoa hoja ya ubora wa mikopo pamoja na jedwali, ikazitaja ripoti mbili za mfumo kwa tarehe zake, na kueleza kwamba Sh milioni 6 zilifutwa na sikuzihesabu. Kuhusu mwenendo niliandika kwamba niliomba tukio na tarehe, sikupewa, isipokuwa kauli moja kuhusu jambo nililokataa kusaidia. Nikainukuu, nikasema kwamba kama inahusu fomu ya mwezi Septemba, niko tayari kueleza sababu nikiulizwa. Mwisho niliomba mambo mawili mahususi: alama ya kipengele cha 1 iangaliwe upya kwa kutenganisha mikopo ya urithi, na alama ya kipengele cha 4 iambatane na matukio yanayoweza kuhakikiwa.

Sikutaja sheria katika barua hiyo, ingawa nilikuwa nimeisoma. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni aangalie kama kiwango alichowekewa kilikuwa cha haki, kama alikifahamu, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi na msaada wa kujirekebisha. Lakini kanuni hizo zinahusu kuachishwa kazi. Alama mbaya peke yake haijafika huko. Ningeitaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika barua ya kwanza, mazungumzo yangehamia kwa mwanasheria wa kampuni, na hakuna ambaye angefungua ripoti ya tarehe 31 Januari. Niliandika tu katika daftari kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60, nisije nikazipitisha siku hizo nikisubiri hisani.

Jibu lilikuja Januari, baada ya afisa wa Rasilimali Watu kutoka makao makuu kuja tawini na kuzifungua zile ripoti mwenyewe. Ubora wa mikopo ulipandishwa kutoka 1 hadi 3. Mwenendo ulibaki 2, bila tukio lolote kuandikwa, kwa maelezo kwamba hiyo ni hukumu ya msimamizi. Jumla ikawa 2.7. Mpango wa siku 90 ukaondolewa. Bonasi sikupata.

Nilikasirishwa na ile 2 ya mwenendo, nikakaa na kalamu nione ilinipotezea kiasi gani. Kama ingekuwa 3, ningefika 2.9, na bado bonasi ingenipita. Ile sehemu ya kumi iliyobaki ilikuwa kwenye taarifa za Ijumaa, ambazo hakuna aliyenionea, nilizichelewesha mwenyewe. Kuhusu fomu ya Septemba, hakuna aliyeniuliza hadi leo. Mteja yule hakupewa mkopo wa pili.

Mwezi huo huo wa Januari tulipojaza malengo ya mwaka mpya, nilimwomba meneja tuugawe mstari wa ubora wa mikopo mara mbili: mikopo niliyoitoa, lengo lisizidi asilimia 4, na mikopo ya urithi, ambayo lengo lake ni kiasi cha shilingi kitakachokusanywa badala ya asilimia. Alisema mfumo hauna nafasi ya mistari miwili. Nilimwonyesha sehemu ya maelezo chini ya kigezo, ambayo huwa tunaiacha tupu. Aliandika humo kwa mkono wake, tukasaini wote wawili, na hatukuzungumza zaidi siku hiyo.